Vidonge vya Damu na Choo cha Babu

Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne nilijua jambo moja tu: sitaki kukaa. Shangazi yangu wa Kilole, pale Korogwe, alikuwa ameshanitafutia nafasi ya kujifunza kompyuta kwenye chuo kidogo karibu na kwake, na mimi begi nilikuwa nimelipanga hata kabla ya kurudisha vitabu vya shule. Halafu baba akapiga simu kutoka Hale anakofanya kazi.

"Utapita kwanza Handeni kwa babu yako. Umsaidie mpaka apasuliwe. Si muda mrefu."

Si muda mrefu! Wazazi wana muda wao na sisi tuna wetu.

Babu alikuwa na ngiri ya kinenani. Akisimama au akikohoa kinatoka kitu kama embe dogo juu ya paja, akilala kinarudi ndani. Alikaa nacho miaka akikificha na msuli, mpaka kikaanza kumuuma, ndipo akakubali kupelekwa hospitali Korogwe. Daktari akasema hili ni la kupasua, tena lisicheleweshwe sana, ila damu yake iko chini mno. Wakampima choo wakakuta safura, wale minyoo wa kunyonya damu ambao mkulima anayetembea pekupeku shambani anawapata bila hata kujua. Wakampa dawa ya minyoo, wakampa na vidonge vya kuongeza damu, vyekundu, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Damu ikipanda, anapasuliwa. Isipopanda, anarudi nyumbani na embe lake.

Wakati wa kusubiri akapewa masharti. Asibebe mzigo, asijikamue chooni. Na hilo embe likitoka likagoma kurudi, likawa gumu na linauma na anatapika, hapo ni gari na hospitali siku hiyo hiyo, maana utumbo umenaswa na unaweza kuoza.

Sasa nieleze nyumba ilivyokuwa, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Bibi alishafariki. Babu alikuwa na nyumba yake ya vyumba viwili, na hatua chache mbele, uani hapo hapo, nyumba ya baba mdogo na mkewe. Na mkewe huyo, mama mdogo wangu, ni muuguzi. Muuguzi kamili, wa zahanati ya kijiji. Utasema basi mzee ana bahati, ana hospitali uani. Kumbe ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Kwetu mkwe ni mkwe. Mama mdogo hajawahi kuingia chumbani kwa babu. Chakula anakiweka kwenye kigoda mlangoni, anapiga goti, anasalimia huku anaangalia chini, anaondoka. Babu naye akimwona anakuja anavuta msuli na kukaa sawa kama mwanafunzi aliyemwona mwalimu mkuu. Watu hao wawili ndio wazungumzie choo?

Baba mdogo naye ni mwanawe. Mtoto hamuulizi baba yake habari za chini ya kitovu. Kila asubuhi alisimama mlangoni.

"Shikamoo baba. Tumbo vipi?"

"Marahaba. Salama."

Kwisha. Anapanda pikipiki yake anaenda kutafuta riziki.

Nilibaki mimi. Mjukuu ni mtani. Babu ananiita mke wangu tangu nikiwa natambaa, na mimi namwita mume wangu mzee, na kati yetu hakuna neno linaloitwa chafu. Ndiyo maana niliitwa mimi, si binamu yangu mwenye subira.

Siku za kwanza zilienda vizuri. Vidonge nilimpa mwenyewe. Babu alisema dawa kali hazinywewi na maji, zitamchoma, kwa hiyo anazishushia na maziwa. Maziwa yalikuwepo, mama mmoja wa Kimasai alipita kila asubuhi na dumu. Siku maziwa yakikosekana, alishushia na chai ya rangi, nzito, ya kukaza ulimi. Chakula ndio usiseme. Mgonjwa kwetu anaenziwa kwa vitu laini na vyeupe: wali, uji wa sembe, mkate, viazi, supu ya kuku. Mboga za majani ni chakula cha mwenye afya, ukimpa mgonjwa mchunga watu watasema umemtupa. Mama mdogo mwenyewe alikuwa akijua, lakini angeanzaje kumpelekea baba mkwe kisamvu na majirani wanaleta kuku?

Na maji. Kiangazi cha Handeni wanakijua waliokiishi. Maji yanakuja kwenye madumu, na babu ni mtu wa zama zile, anakunywa kikombe kimoja akila na kingine akishaswali Isha, basi. Nilipomwambia hospitali wamesema anywe maji mengi alicheka.

"Huyo daktari yuko Korogwe, mto unapita mlangoni kwake. Mwambie aje Handeni anywe mengi yeye."

Kutembea ndiyo kabisa, alikatazwa na kila mtu. Kaa baba, pumzika baba. Akakaa.

Mimi nilikuwa nahesabu siku zangu, si zake. Shangazi alinitumia ujumbe kwamba darasa linaanza karibu. Matokeo hayajatoka. Simu inashika mtandao ukisimama juu ya tofali nyuma ya banda la kuku, kwa hiyo nilishinda nimesimama juu ya tofali. Ndiyo sababu sikuona mapema.

Nilichokuja kuona ni kopo. Choo cha kwetu kiko pembeni ya ua, na anayekwenda anabeba kopo la maji, kwa hiyo nyumba nzima inajua nani kaenda. Babu alianza kwenda na kopo na kukaa huko muda mrefu, halafu anarudi kopo likiwa limejaa vile vile. Uso una jasho. Mkono mmoja umebana kinenani. Anakaa polepole kwenye kiti kama mtu anayekalia mayai. Na chakula akaanza kukirudisha nusu.

"Babu, umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Na nini? Hujala."

"Na maneno yako."

Siku moja nikampa kidonge cha mchana, akakiweka mdomoni, akavuta maziwa, akakohoa kwenye leso yake. Nikaiona leso ina doa jekundu. Nikajua anakohoa damu. Nikainyakua. Ndani kulikuwa na vidonge, vimelowana, vimegandana, vya siku kadhaa.

"Mume wangu," nikasema, "hivi ndivyo unavyonifanyia?"

Akasema, bila utani, kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea, "Hivi vidonge vimenifunga. Nakwenda kule nasukuma mpaka naona nyota, hakitoki kitu. Kikitoka ni cheusi. Cheusi tii. Vimeniunguza ndani, mke wangu. Wewe umesoma, niambie, hivi ndani yake kuna nini?"

"Madini ya chuma."

"Unaona! Mtu unameza vyuma unategemea nini?"

Akasema ameshaamua. Vidonge basi. Na kupasuliwa basi, maana mtu apasuliwe vipi na tumbo limejaa mawe? Nikaona safari ya Korogwe inayeyuka mbele ya macho yangu, yake na yangu pia, lakini sikuwazia yangu tu, nasema kweli. Nilikuwa nimeuona ule mkono unavyobana kinenani.

Nikatoka mbio mpaka jikoni kwa mama mdogo, alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza. Hakushangaa, alikasirika.

"Vidonge vitatu kwa siku kwa mzee wa umri ule, na mimi niko hapa kama gogo! Nenda kamuulize mara ya mwisho kupata choo cha maana ni lini."

"Si uje umuulize mwenyewe?"

Aliniangalia kama nimemtukana.

Basi nikavuka ua. "Mume wangu, mzigo wa watu unao tangu lini?"

"Tangu nilipokuoa."

"Babu!"

"Tangu Ijumaa. Si hii. Ile."

Nikavuka ua. Mama mdogo akashika kichwa. "Muulize hicho cheusi kikoje. Ni cheusi kikavu, vipande, kama cha mbuzi? Au cheusi cha kunata, kinang'aa kama lami, kinanuka vibaya? Hicho cha mbuzi ni chuma kilichobaki tu, kinapaka rangi, hakuna cha kuungua. Hicho cha lami ni damu inavuja tumboni, na kama ndicho, leo hii tunaondoka."

Nikavuka ua, sasa nakimbia.

"Babu, ni kama cha mbuzi au kama lami?"

Akanikazia macho. "Swali hili si lako. Wewe lami umeijua lini? Huyo mkwe wangu ndiye kakutuma."

"Nauliza mwenyewe."

"Muongo. Mwambie cha mbuzi. Ila usimwambie kama nimesema mimi."

"Sasa nimwambie kasema nani, mbuzi?"

Nikarudi. Mama mdogo akashusha pumzi, lakini akanirudisha tena: lile embe akilala linarudi? Anatapika? Upepo unatoka?

"Linarudi," babu akajibu, "ila limekuwa kaidi kama wewe. Sitapiki. Na huo upepo, kaa hapo kidogo utausikia."

Jua lilikuwa kali na ule ua nikauchukia. Watu wazima wawili, mmoja ana ugonjwa, mwingine ana elimu ya ugonjwa, na katikati msichana anapigwa jua kama mpira wa chandimu. Niliporudi kwa babu mara ya mwisho nikaona kitu kingine. Babu alikuwa anatafuna, na pembe ya mdomo ina unga mweupe.

"Unakula nini?"

"Peremende."

Nikatia mkono kwenye mfuko wa shati lake. Vidonge vya kiungulia vya kutafuna, karatasi nzima, nyingine zimeshaisha. Kumbe vile vyekundu vilikuwa vinamchoma tumbo, hakutaka kusema, rafiki yake wa msikitini akamnunulia hivi kwenye duka la dawa mjini Handeni. Vitamu, vinapoza. Akawa anavitafuna kutwa nzima.

Nilimpelekea mama mdogo ile karatasi. Aliisoma upande wa nyuma, midomo inacheza.

"Unaona hapa? Aluminiamu. Na hii kalsiamu. Dawa za kiungulia ziko za aina aina. Zenye magnesiamu zinalegeza tumbo, hizi zinalifunga. Tena zinakamata kile chuma tumboni, kisiingie kwenye damu. Na maziwa na chai hivyo hivyo vinakizuia. Yaani mzee anameza dawa, halafu anashushia na kinachoifukuza. Damu haipandi na choo hakishuki."

Nikamuuliza mbona hakusema tangu mwanzo.

"Nimwambie nani?" akasema. Akarudi kwenye mchele wake.

Jioni baba mdogo akarudi. Sijui nani alimweleza, labda hakuelezwa, labda aliliona lile kopo kama mimi. Alikuja na mizizi aliyopewa na mtu wa kijiji cha pili, akaichemsha mwenyewe, mwanaume ambaye sijawahi kumwona akiinjika hata chai. Harufu yake ilikuwa chungu kuanzia puani.

"Hii kikombe kimoja tu," akasema. "Inafagia yote. Yule bwana anasema hata fundo la wiki mbili halisimami."

Mama mdogo akatoka jikoni. "Usimpe."

"Nyinyi wa hospitali ndio mmemfunga, sasa waacheni wengine wamfungue."

"Baba mtoto, sikiliza. Utumbo unachungulia pale kwenye tundu la ngiri. Mbele kuna choo kigumu. Wewe unataka kuukamua kwa nyuma kwa nguvu? Ukinaswa pale njiani usiku huu utambeba na hiyo pikipiki?"

Alisema kwa sauti. Mbele ya mlango wa baba mkwe wake. Sote watatu tukagundua kwa pamoja. Ndani babu akaita.

"Leteni hiyo dawa. Ya mwanangu. Nimechoka."

Baba mdogo akamimina kikombe. Mama mdogo hakuweza kupita ule mlango, alibaki amesimama pale kama amefungwa kamba. Nikakichukua kikombe mimi. Nikaingia nacho, nikakaa kitandani miguuni kwake.

"Ukikinywa hiki," nikasema, "talaka yangu naitaka leo. Tena tatu kwa mpigo. Naenda zangu Korogwe, nakuachia ukapikiwe na huyo mwanao, umeona anavyochemsha."

"Nikupe talaka, mahari nirudishiwe na nani?"

"Mahari gani? Ulinipa karanga."

Alicheka, akabana kinenani maana kucheka kulimuuma, akacheka tena na machozi yakamtoka. Machozi yale hayakuwa yote ya kicheko. Nikamwambia taratibu yale aliyosema mama mdogo, la mbuzi, la lami, na la zile peremende zake. Nikamwambia hakuna kilichoungua.

"Ana uhakika?"

"Babu, ndiyo kazi yake."

Akakaa. Akasema kwa sauti kubwa, kuelekea mlangoni, lakini kwa jina langu: "Mke wangu, mwambie mwenye dawa ya kisomi nampa nafasi kwanza. Akishindwa nakunywa ya mwanangu." Nje nikasikia baba mdogo akimwaga kilichobaki kwenye sufuria.

Asubuhi mama mdogo alipanda kwenye tofali langu nyuma ya banda la kuku akampigia daktari wa Korogwe. Daktari akasema punguza, kidonge kimoja kwa siku kinatosha, vikizidi, vingi vinapita bure na kukaza tumbo. Kinywewe na maji au maji ya machungwa, mbali na chai na maziwa, akichomwa basi ale kidogo kwanza. Zile za kutafuna aziache, kiungulia kikimsumbua apewe dawa nyingine na ziachane saa kadhaa na ile ya damu. Na baba mdogo akatumwa mjini Handeni kununua dawa ya maji ya kulainisha choo, tamu kama asali, ambayo haikamui, inavuta maji tu tumboni na kuyaacha pale pale kwenye choo. Alikwenda mwenyewe, akarudi na chupa na mapapai mawili yamefungwa nyuma ya pikipiki.

Nilidhani ni siku moja. Mimi mtu wa kubonyeza na kuona. Jioni nikauliza, bado. Kesho yake nikauliza, bado. Mama mdogo akasema dawa ile inachukua siku mbili tatu, niache kumsumbua mzee. Nikaanza kumtembeza, tunazunguka ua, mkono wake begani kwangu, polepole mpaka nilitaka kupiga kelele. Wali ukaondoka, ukaja ugali wa dona, maharage, mchicha, majani ya kunde. Jirani mmoja akamwonea huruma, "Mzee mnamlisha majani?" Babu akamjibu, "Wameniuza kwa Wamasai, nimekuwa ng'ombe." Maji nilimpa kwa ujanja, kikombe kila baada ya swala, na kila nilipompa alitazama dumu kama naliibia.

"Na ukisikia haja usiikalie," nilimwambia, "na nafasi nzuri ni baada ya chai ya asubuhi, tumbo linaamka lenyewe. Ila usisukume. Kaa tu, vuta pumzi."

"Niimbe?"

"Ukitaka imba."

Hakuimba. Lakini asubuhi moja, baada ya uji wa dona na papai, alichukua kopo na hakukaa sana. Alirudi ananing'iniza kopo tupu kwa kidole kimoja. Alikaa kwenye kiti moja kwa moja, bila yale mayai. Akaangalia kuku. Kisha akasema, "Mke wangu, leo ugali usiwe mdogo."

Nilikimbia jikoni. Mama mdogo alikuwa na unga mpaka viwikoni, akapiga makofi unga ukaruka, halafu akakumbuka babu anaweza kuona, akajifanya anafukuza nzi.

Nisiseme kwamba iliishia hapo. Kuna siku kilikuja, kuna siku kiligoma, na siku kikigoma nyumba nzima ilikuwa na kisirani. Matokeo yangu yakatoka, sikufeli, sikung'ara. Darasa la Kilole likaanza bila mimi na shangazi akaniambia wataniweka kwenye la pili. Nilinuna, lakini kidonge cha asubuhi nilikuwa nakiona kikimezwa kweli, nafungua mdomo wa babu kama wa ndama. Cheusi kiliendelea kuwa cheusi, ila hakikumtisha tena. Mvua za masika zilipoanza tukampeleka Korogwe.

Walimtoa damu kidoleni na mkononi. Tulikaa kwenye benchi, babu, mimi, baba mdogo, na mama mdogo mwisho kabisa wa benchi, mbali na mkwe wake. Daktari alipotoka na karatasi nilisimama kabla ya babu.

"Damu imepanda vizuri," akasema. "Tunapasua wiki hii."

Akapasuliwa. Ikaenda salama. Mimi nikahamia Kilole kwa shangazi na hatimaye nikaanza darasa, asubuhi mpaka alasiri, kisha nakwenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Mama mdogo alichukua likizo kumuuguza mkwe wake, maana baba mdogo ni mwanaume na hajui hata kukunja shuka.

Sasa kidonda kinauma, na kwa maumivu wakampa vidonge vyenye kodeini. Vinaondoa maumivu kweli, babu alilala kama mtoto. Lakini kodeini inalaza na utumbo. Chuma kinakaza choo, hii inausimamisha utumbo wenyewe, usisukume mbele. Papai peke yake halitoshi hapo, lazima na dawa ya kuuamsha. Wauguzi wa wodini waliuliza kila mzunguko, "Mzee, choo umepata?" na babu, kwa wale wasichana waliovaa meupe, alijibu, "Nzuri, mwanangu." Wakaandika nzuri.

Nilifika jioni moja nikamkuta tumbo limejaa, hataki uji, mkono juu ya kidonda. Mama mdogo yuko pembeni, macho mekundu.

"Afadhali umekuja," akaninong'oneza. "Tangu asubuhi nakungoja. Muulize tangu apasuliwe amepata? Na upepo?"

"Tangu asubuhi?"

"Sasa nani amuulize?"

Hapo nilichoka. Nilikuwa nimetoka darasani na njaa, na toka asubuhi mtu mwenye uzi mpya tumboni alikuwa amelala karibu na muuguzi wake kila mmoja anatazama ukuta. Akienda kujikamua na hicho kidonda?

"Leo sibebi," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Mimi si simu. Babu, mama mdogo ana neno. Mama mdogo, babu huyu hapa."

Nikaenda kusimama miguuni mwa kitanda, nikafunga mikono. Wagonjwa wa jirani wakageuka. Nilijua nitasemwa na ukoo mzima. Mama mdogo aligeukia dirishani, akaweka khanga yake sawa.

"Baba," akaliambia dirisha, "samahani sana. Choo umepata tangu upasuliwe?"

Babu aliangalia chuma cha kuning'inizia dripu.

"Sijapata, mwanangu," akakiambia chuma. "Hata upepo ni wa kuhesabu. Hivi vidonge vya maumivu ni ndugu wa vile vyekundu?"

"Ni wabaya zaidi, baba. Ila dawa yake ipo."

Akatoka haraka kumtafuta muuguzi wa zamu. Wakaja, wakamshika tumbo, wakamsikiliza na kile kipimo cha masikioni, wakasema utumbo unalia, haujagoma, ni uvivu tu. Wakamwandikia dawa ya kuuamsha anywe usiku, pamoja na ile tamu. Maumivu yakiwa madogo wakasema atumie panadoli tu, ile ya kodeini iwe ya akizidiwa. Na atembee. Leo hii.

Nilinyoosha mkono nimwinue kama kawaida, lakini mama mdogo alikuwa karibu zaidi. Alisita. Babu akasita. Kisha akaushika mkono wake, wa mkwe wake, na kwa mkono wa pili akabana mto mdogo juu ya kidonda, wakatoka wodini wakaanza korido, hatua kwa hatua, kila mmoja anaangalia upande wake.

Mimi nilifuata nyuma, hawakuwa na kazi na mimi.

"Polepole, mwanangu," nilimsikia babu akimwambia. "Huu ni mwili, si pikipiki ya mumeo."

Mama mdogo akacheka, akaziba mdomo na khanga. Wakafika mwisho wa korido, wakageuka, wakaanza kurudi.